Mzee aliyenifahamu amefariki, mwanawe anataka 420,000

*Shikamoo Mama Mshauri,*

*Nina duka la vitenge na madera Tandika, na nyuma ya pazia nimeweka cherehani mbili. Fremu hii niliingia Machi 2018 kwa 200,000 kwa mwezi. Mwaka 2020 mzee mwenye nyumba aliniongezea ikawa 250,000, na 2022 ikawa 300,000. Sikuwahi kubishana naye. Nalipa miezi sita kwa mkupuo, na aliniita binti yake.*

*Mzee amefariki mwaka huu. Sasa msimamizi ni mwanawe wa kwanza, anayeishi Mwanza. Kodi ya Septemba nilimtumia yeye kwa simu. Wiki iliyopita ameniandikia Wasap kwamba mkataba ukiisha mwisho wa Februari, kodi itakuwa 420,000, tena anataka ya mwaka mzima. Anasema dalali ameshamletea mtu wa vipodozi aliye tayari kutoa hiyo hela pamoja na kilemba.*

*Mama, nimelia. Miaka minane sijawahi kumsumbua mtu, isipokuwa Machi 2021 baba yangu alipolazwa, nikalipa nusu na nyingine nikaimalizia baada ya wiki saba. Mzee nilimweleza mapema akaniambia "shughulikia mgonjwa kwanza". Vigae na mlango wa alumini nimeweka kwa hela yangu. Paa lilipovuja 2019 nililitengeneza mimi, mzee akanikatia kwenye kodi.*

*Shoga yangu ananishauri nimpelekee huyu kijana daftari langu la mauzo aone kwamba mimi ni mpangaji wa uhakika, na nimdai hela ya vigae. Mume wangu anasema nihame tu, kuna fremu ya 250,000 mtaa wa nyuma. Mimi naona kijana ananifukuza kwa adabu. Nifanye nini?*

*Mama Vitenge, Tandika*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mzee wako. Nasema wako kwa sababu kila mstari wa barua yako unaonyesha umempoteza mtu, na sidhani kama ni kodi peke yake iliyokuliza.

Hapo ulipoandika kwamba kijana anakufukuza, hebu tutazame kwa upande wake. Yuko Mwanza. Hakuwepo ulipoingia, hakuwepo paa lilipovuja, wala hakusikia baba yake akikwambia ushughulikie mgonjwa. Miaka minane ya uaminifu wako ilihifadhiwa sehemu moja tu, kichwani mwa mzee, na mzee ameondoka nayo. Alichobaki nacho mwanawe ni jina lako kwenye simu, muamala mmoja wa Septemba, na dalali anayempigia kumwambia fremu ya baba yake inakodishwa kwa bei ya zamani. Pengine anataka utoke kweli, siwezi kuapa. Lakini inawezekana pia kwamba hajui ana mpangaji wa aina gani.

Tena kuna jambo ambalo hutapenda kulisikia. Kodi yako haijapanda tangu Machi 2022. Kufikia Februari itakuwa imetimia miaka minne. Mtu yeyote anayerithi fremu Tandika ataliona hilo, na akilisema mbele yako usionyeshe kushangaa. Ukienda kwake na msimamo wa kubaki kwenye 300,000, rekodi yako yote nzuri itaonekana kama njia ya kukwepa nyongeza. Ukikubali tangu mwanzo kwamba nyongeza ni haki, mtajadili kiasi, na hapo ndipo rekodi inapofanya kazi.

Na ujue kwamba hakuna ofisi ya kukimbilia ikupangie bei. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo bei ya fremu Tanzania ni mapatano ya watu wawili. Ndiyo maana nataka uyaandae mapatano hayo vizuri.

Anza na karatasi moja. Si faili, kwa sababu mtu aliye mbali na mwenye msiba hatasoma faili. Kusanya daftari ulilokuwa unasainiwa na mzee, omba kwa mtandao wako wa simu taarifa ya miamala ya miaka uliyolipa kwa simu, kisha andika ukurasa mmoja wa namna hii:

*Fremu namba fulani, Tandika. Nimeingia Machi 2018. Hadi Februari nitakuwa nimekaa miezi 96 na kulipa vipindi 16 vya miezi sita sita. Jumla ya kodi: shilingi 25,200,000. Vipindi 15 vimelipwa kwa wakati. Kipindi kimoja, cha Machi 2021, nililipa nusu kwa wakati na nusu baada ya wiki saba, kwa makubaliano na marehemu mzee. Nyongeza mbili za kodi, 2020 na 2022, nilizikubali. Deni la maji au umeme: hakuna. Paa lilitengenezwa 2019, gharama ikakatwa kwenye kodi kwa ridhaa ya mzee. Fremu haijawahi kukaa tupu hata mwezi mmoja.*

Hesabu ya jumla nimeitoa kwenye barua yako: miezi 24 ya 200,000, miezi 24 ya 250,000 na miezi 48 ya 300,000. Ihakiki na daftari lako kabla hujaiandika, na hiyo hela ya paa iliyokatwa uione imeingiaje, maana ikikosewa namba moja, zote zitatiliwa shaka. Pale ambapo sahihi ya mzee haipo, andika kwamba haipo. Usijaze kwa kumbukumbu.

Najua moyo utakwambia uifiche Machi 2021. Usiifiche. Kijana akiikuta baadaye kwenye daftari la baba yake, atajiuliza ni mangapi mengine hukuyasema. Ukiiandika mwenyewe, pamoja na kwamba ulitoa taarifa mapema na ulimaliza deni, inageuka kuwa sehemu yenye nguvu kuliko zote. Kila mwenye nyumba anajua mpangaji atakwama siku moja. Anachotaka kujua ni kwamba siku hiyo mpangaji atapokea simu au ataizima.

Sasa shoga yako. Ananuia mema, lakini daftari la mauzo liache nyumbani. Nami niliwahi kulipeleka, miaka ile nikiwa na fremu yangu ya viatu. Nilitaka mwenye nyumba aone biashara yangu imesimama. Aliona, na kodi akaipandisha zaidi ya alivyokuwa amekusudia, kwani nilikuwa nimemwonyesha mwenyewe kwamba naweza kulipa. Rekodi ya mpangaji na rekodi ya biashara ni vitu viwili. Yeye anahitaji ile ya kwanza.

Vigae na mlango wa alumini navyo viangalie kwa uangalifu. Kilichoshikamana na jengo kwa kawaida hubaki na jengo, isipokuwa kama mliandikiana vinginevyo, na barua yako haitaji maandishi yoyote. Ukimdai hela ya vitu hivyo leo, atakuuliza nani alikutuma, na aliyeweza kukujibia hayupo. Ukivisifia, utamkumbusha kwamba fremu yake imependeza na inastahili bei kubwa. Kwa hiyo kwenye karatasi nimekuwekea paa, kwa kuwa paa lilikuwa jukumu la mwenye nyumba na lilitengenezwa bila yeye kusumbuka. Vigae vitaje kwa mdomo tu, kama ushahidi kwamba ulikuwa na nia ya kukaa.

Baada ya karatasi, hesabu. Hii ndiyo itakayomfikia mtu wa Mwanza ambaye hajawahi kukuona, kwa hiyo nitaitembeza polepole.

Tuseme unatoka mwisho wa Februari na fremu inakaa tupu miezi miwili, ikipakwa rangi na kusubiri mtu. Mpangaji mpya anaingia Mei kwa 420,000. Kufikia Februari inayofuata atakuwa amelipa miezi kumi, yaani 4,200,000. Wewe ukibaki kwa 350,000 na hakuna mwezi unaopotea, miezi kumi na miwili ni 4,200,000. Ni hela ileile. Kwa mwaka wa kwanza, miezi miwili ya fremu tupu inameza nyongeza yote anayoitaka juu ya 350,000.

Lakini usiishie hapo, maana kijana mwenye akili atakuuliza kuhusu mwaka wa pili, na atakuwa sahihi. Mwaka wa pili yule mpya analipa 5,040,000 na wewe bado 4,200,000. Ndiyo maana nisingekushauri uende na bei moja. Nenda na pendekezo la miaka miwili: 350,000 mwaka wa kwanza, 385,000 mwaka wa pili. Kwa miaka yote miwili utakuwa umempa 8,820,000. Yule mpya, akianza baada ya miezi miwili ya utupu, atampa 9,240,000. Tofauti ni 420,000, sawa na kodi ya mwezi mmoja. Fremu ikikaa tupu mwezi wa tatu, mmelingana.

Hesabu hii ina mahali inapovunjika, na ni lazima upajue kabla hujaketi naye. Kama yule mtu wa vipodozi yupo kweli, ana hela mkononi na ataingia tarehe 1 Machi, hakuna mwezi tupu. Hapo miaka miwili ya 420,000 ni 10,080,000, na wewe uko nyuma kwa 1,260,000. Hiyo si tofauti ya kuzibwa kwa karatasi ya uaminifu peke yake.

Kwa hiyo chunguza kama yupo. Mtu anayetaka fremu kwa dhati huja kuiona. Husimama nje akahesabu wapita njia, huuliza kama mita ya LUKU ni ya peke yake, hupima ukuta wa kuweka makabati ya vioo, huwauliza majirani kama maji ya mvua huingia. Je, umemwona mtu wa namna hiyo? Waulize mafundi wako, na muulize jirani wa kulia na wa kushoto. Kama hakuna aliyemwona, inawezekana kabisa kwamba ni bei ya mdomoni mwa dalali. Dalali wa mjini kwetu kwa kawaida hulipwa kodi ya mwezi mmoja na anayeingia, kwa hiyo wewe ukibaki yeye hapati kitu. Sisemi ni mwongo. Nasema ana sababu ya kutaka utoke, na kijana anastahili kukumbushwa hilo kwa upole.

Ukiwa kwa majirani hao, ulizia pia wanalipa ngapi. Usichukue jibu la aliyeingia 2015. Mtafute aliyesaini mkataba mwaka huu, fremu ya ukubwa kama wako na upande uleule wa barabara. Kama wawili waliosaini karibuni wanalipa 360,000, basi 420,000 ni bei ya kutangaza. Kama wanalipa 420,000 kweli, kijana anadai bei ya mtaa, na 350,000 yako itabidi isogee.

Halafu kaa na mume wako mjue mwisho wenu. Nyongeza ya kutoka 300,000 hadi 420,000 ni 120,000 kwa mwezi. Kama dera moja linakuachia faida ya 3,000, ni madera 40 zaidi kila mwezi kabla hujapata chochote cha nyumbani. Weka faida yako halisi, mimi nimebuni tu. Mtaa wa nyuma nao uhesabuni kwa uaminifu uleule: kodi ya miezi sita mbele, ya dalali, rafu na bango, anwani mpya kwenye leseni, na wateja ambao huja kwako kwa sababu wameshuka daladala wakaona vitenge vimening'inia. Mume wako hajakosea kutaja kuhama. Ukijua una pa kwenda, sauti yako haitatetemeka mbele ya kijana. Ninachohofia ni mhame kwa hasira, halafu Juni mgundue kwamba unafuu wa kodi umeliwa na wateja waliopotea.

Kuna jambo jingine hukuliuliza, nami limenikosesha raha tangu niliposoma barua yako. Umesema mwana wa kwanza ndiye msimamizi. Nani alimteua? Kuwa mkubwa wa familia hakumfanyi mtu kuwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi huthibitishwa na mahakama, akapewa barua. Ukisaini mkataba na mtu asiye na barua hiyo na ukamlipa mamilioni, ndugu zake wanaweza kuja Agosti wakidai hawakuhusika, na utajikuta katikati ya ugomvi wa urithi ukiwa na risiti isiyokulinda.

Namna ya kuuliza ni nyepesi kuliko unavyodhani. Mwandikie: "Kaka, nataka kuandaa mkataba mpya. Naomba jina kamili litakaloandikwa upande wa mwenye nyumba na nakala ya barua ya usimamizi, niambatanishe na mkataba wangu." Halina tusi ndani yake. Kama mirathi bado iko mahakamani, omba mjane wa mzee na watoto wengine watu wazima waweke sahihi zao pia. Kama kuna mvutano miongoni mwao, mkataba mfupi wa miezi sita unaweza kuwa salama kwako kuliko wa miaka miwili, hata ukiwa na bei ya juu kidogo.

Mjane huyo, kama yupo na ana afya, ndiye shahidi wako aliye hai. Huenda alikuwa akiona unapoleta kodi. Ila usiende kwake kumshitaki mwanawe. Nenda kama mtu wa nyumbani anayempa pole, mwonyeshe karatasi, mwombe athibitishe kama ndivyo anavyokumbuka, kisha umwombe awepo siku ya mazungumzo. Ukimtumia kumpindua kijana, utapata kodi nafuu ya mwaka mmoja na adui wa miaka mingi.

Mazungumzo yasiwe ya Wasap. Andika ujumbe mmoja tu wa kuomba kuonana au kuongea kwa simu, mtumie picha ya karatasi siku mbili kabla, na ufanye hivyo sasa, Februari ikiwa bado mbali. Mpangaji anayeanza kuzungumza wiki ya mwisho hana muda wa kusikia "ngoja nifikirie". Na ikipita Februari bila mkataba mpya huku anapokea kodi yako, utakuwa unaishi kwa mwezi mmoja mmoja, na anaweza kukupa notisi wakati wowote.

Akikataa 350,000 usikimbilie kupandisha hapohapo. Muulize kinachomsumbua zaidi ni nini, bei au hela ya mkupuo. Kuna warithi wanaohitaji fedha nyingi mara moja kwa ajili ya ada au kugawana na ndugu, na kwao 2,100,000 ya miezi sita ikitolewa siku ya kusaini ina uzito kuliko ahadi ya 420,000. Wengine wanataka bei tu, na mkupuo si hoja. Ukishajua, unaweza kusogea pale panapomgusa na kubaki pale panapokuumiza. Kuhusu kulipa mwaka mzima, 5,040,000 ni mtaji wa vitenge. Usiuze bidhaa kwa hasara kuipata, na usiikope kabla ya kuona barua ya usimamizi.

Msimalize bila kutaja kodi ya zuio. Kwa fremu ya biashara, wewe mpangaji unapaswa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Ni kodi yake, wewe ni mpeleka tu. Kwenye 2,100,000 ni 210,000, na yeye anapokea 1,890,000. Wenye nyumba wengi husema "mimi nataka yangu kamili", na hapo ile 350,000 uliyoipigania inakuwa imepanda bila ninyi kuitamka. Andikeni kwenye mkataba kama bei ni kabla au baada ya zuio, na ushuru wa stempu analipa nani. Kama umekuwa ukipeleka zuio miaka yote, stakabadhi zake ziongeze kwenye karatasi yako. Kama hukuwa unapeleka, jiweke sawa kwanza kabla ya kuligusa suala hilo.

Sijui kijana atasema nini, na sitakuamulia kubaki au kuhama, maana hizo namba za faida na hao wateja unawajua wewe. Ila kuna ombi moja la kumfikishia mjane, hata kabla ya jibu la Mwanza. Mwombe asaini chini ya ile karatasi, aandike na tarehe. Fremu ya mtaa wa nyuma nayo ina mwenyewe, na yeye pia hakujui.